Kazi Iliyojaribiwa kwa Jina Langu

Nilianza kumshuku kaka kwa sababu ya simu zake za barazani.

Alikuwa mwandishi wetu mkuu wa programu, mtu wa Dar es Salaam aliyekuja Morogoro kila Jumatatu na kurudi kwake kila Ijumaa. Ofisini wote tulimwita kaka kwa kuwa alituzidi umri na ujuzi. Zamani simu yake ikilia aliipokea palepale mezani, akaongea na mkewe habari za mtoto mwenye homa huku vidole vikiendelea kuandika. Mwaka ule akaanza kutoka nje. Anaitazama namba, anainuka, anaurudisha mlango taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, kisha tunamwona kupitia dirishani akitembea barazani huku ameinamisha kichwa. Akirudi haongei kitu.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga mtaani Mafiga, vyumba viwili vya mbele na ua wenye mpapai. Mwenye ofisi tulimwita mzee tu. Alikuwa mtunza ghala katika kiwanda kimoja cha umma hapo mjini. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, yeye na wenzake wengi wakarudishwa nyumbani. Wengine walirudi mlimani kulima, wengine wakafungua vibanda vya mitumba. Yeye alinunua kompyuta moja kuukuu akaanza kuwachapia watu barua za maombi ya kazi. Kutoka kuchapa barua akafika kutengeneza mifumo ya kompyuta, kwa njia ambayo hata yeye akiisimulia alikuwa anacheka. Wakati ninaousema, mteja wetu mkubwa alikuwa hospitali ya misheni iliyoko juu kwenye miteremko ya Uluguru. Tuliwatengenezea mfumo wa kuandikisha wagonjwa na kuhifadhi majibu ya maabara.

Tulikuwa wanne. Mzee, kaka, binti mmoja wa Mafiga aliyeandika programu chini ya kaka, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kujaribu. Kila walichoandika wao mimi nilikikagua, na toleo jipya la mfumo halikupanda mlimani mpaka nimesema liende.

Hapa sina budi kueleza kidogo utaratibu wetu, maana bila huo kilichotokea hakieleweki. Programu yenyewe ilikaa kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi, na sehemu yake kuu tuliiita shina. Mtu akipewa kazi ndefu hakuandika moja kwa moja kwenye shina, angewavurugia wenzake. Alijitengenezea tawi, nakala yake ya kufanyia kazi pembeni, na akimaliza ndipo analiunganisha tawi lake na shina. Toleo la kumpelekea mteja lilitengenezwa kutoka kwenye shina peke yake. Kilichobaki kwenye tawi, hata kiwe kizuri namna gani, mteja hakioni.

Kando ya hapo tulikuwa na mfumo mwingine wa kufuatilia kazi, ambao wote tuliuita treka. Kila kazi ilikuwa na namba yake na hali yake. Mwandishi akishaunganisha aliiandika Imeunganishwa. Mimi nikishaijaribu kwenye shina niliiandika Imejaribiwa. Siku ya kutoa toleo, zilizojaribiwa zote zikaandikwa Imefungwa. Tulikubaliana, mzee mwenyewe akiwa mwenyekiti wa kikao, kwamba neno Imejaribiwa halitaandikwa na mtu mwingine ila mimi. Lakini yalikuwa makubaliano ya mdomo. Treka yenyewe haikumzuia mtu yeyote kuandika chochote.

Alhamisi moja kabla ya toleo nilipanda hospitali kuwafundisha makarani wa mapokezi. Gari la misheni lilinichukua alfajiri, tukapishana njiani na kina mama wanaoteremka na matenga ya karoti na kabichi kwenda soko kuu. Kule juu simu haikushika, ulitakiwa kupanda kilimani nyuma ya kanisa ndipo upate mstari mmoja wa mtandao. Intaneti tusiitaje.

Nikiwa nimekaa na karani dirishani, walikuja wanawake wawili kufuata majibu ya maabara. Karani akaandika jina la wa kwanza, majibu yakatokea. Akaandika la wa pili, yakatokea yaleyale. Walikuwa na jina moja, la ubatizo na la baba, na wametoka kijiji kimoja. Kwa watu wa huko si ajabu. Mtoto hupewa jina la bibi, na bibi mmoja ana wajukuu wengi. Hata mimi nimekua na wasichana wawili wenye jina langu katika kigango chetu, tukiitwa kwa majina ya mama zetu ili tutofautishwe.

Karani akacheka, akafungua kabati na kutoa karatasi za maabara zenyewe, akasoma namba za kadi moja baada ya nyingine.

"Ndiyo maana karatasi hatujazitupa," akaniambia.

"Toleo linalokuja litalimaliza hili," nikamjibu. "Majibu yatafuata namba ya kadi, siyo jina. Na kwenye skrini utaona jina la mama na kijiji."

"Lini?"

"Jumatano ijayo, Mungu akipenda. Bado hatujaijaribu."

Nayakumbuka maneno yale kwa uhakika: bado hatujaijaribu. Kazi ile alikuwa nayo kaka, kwenye tawi lake, na nilipoondoka ofisini ilikuwa bado imeandikwa Inafanyiwa kazi.

Jumatatu nilianza ukaguzi wa toleo. Nilikuwa na mtindo wangu. Wengi huanza na treka, wanashuka na orodha wakitazama kama kila kazi ina alama. Mimi nilianza upande wa pili. Nilifungua shina, nikasoma kila badiliko lililoingia tangu toleo lililopita. Tulikuwa na desturi ya kuandika namba ya kazi kwenye kila badiliko, kwa hiyo nilijua ni kazi zipi hasa zimo. Ndipo niliporudi kwenye treka kuona inadai nini. Kazi ikiwamo shinani na treka haina habari, nauliza. Treka ikidai na shinani hamna, nauliza kwa sauti kubwa zaidi.

Kazi ya majina yanayofanana ilikuwa imeandikwa Imejaribiwa. Shinani haikuwamo.

Nikadhani nimeruka mstari. Nikasoma tena mabadiliko yote. Nikatafuta kwa namba yake, kisha kwa jina la kaka. Hamna. Nikafungua matawi, nikaikuta kazi yote kwenye tawi la kaka, imeandikwa vizuri, haijaunganishwa. Nikarudi kwenye treka na kufungua historia ya kazi ile, kuona ni nani aliyeibadilisha hali.

Jina lililokuwa pale lilikuwa langu.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na hili linanishangaza hadi leo, ni kugeuka kutazama nyuma. Binti alikuwa anakunywa chai. Kaka hakuwapo kwenye kiti chake, yuko barazani na simu.

Nikasoma tarehe. Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Saa ile mimi nilikuwa mapokezi ya hospitali, mbele ya macho ya karani na foleni nzima ya wagonjwa. Hiyo ilinipa pumzi kidogo, maana kwa dakika chache nilikuwa nimeanza kujishuku mwenyewe. Ukikagua kazi nyingi zinazofanana, kuna siku mkono huandika alama na akili iko sokoni.

Basi ni mtu mwingine. Na akili yangu haikutafuta mbali.

Nilimsubiri kaka akate simu. Alipoingia nikamwambia, "Kaka, naomba uje uone."

Akainama juu ya bega langu, akasoma.

"Sijaunganisha," akasema. "Na sijamwambia mtu nimeunganisha."

"Najua hujaunganisha. Naona."

"Namsubiri binti amalize kuweka uchapaji wa karatasi kwenye skrini ya majibu. Sote wawili tumeigusa skrini hiyohiyo. Ningeingiza yangu mapema ningemvurugia."

Ilikuwa sababu ya maana, na ndiyo iliyonikera. Mtu mwenye jambo la kuficha huwa na sababu ya maana.

"Sasa imekuwaje imeandikwa imejaribiwa?"

"Mbona unaniuliza mimi?" Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Hilo jina si lako?"

"Alhamisi sikuwapo!"

"Labda uliandika Jumatano. Labda saa ya seva haiko sawa." Akanitazama, na ndipo nilipoona kwamba na yeye ananishuku. "Au ulitaka kumfurahisha mzee orodha ionekane safi. Mimi sijui. Lakini usinibebeshe mimi."

Akarudi kwenye kiti chake, akavaa vile vidude vyake vya kusikilizia muziki.

Mchana ule hatukula pamoja. Kwa kawaida tulichanga, tukaletewa wali na maharage kutoka kwa mama lishe wa jirani, tukala kwenye benchi la uani. Siku ile kaka alitoka peke yake. Binti akaja akaketi karibu nami, akazungusha kijiko ndani ya sahani.

"Dada, nikwambie kitu? Usiseme nimesema mimi."

"Sema."

"Kaka anaondoka. Nimemsikia kwenye simu. Ile kampuni ya Dar iliyokwenda kumwona Sista, ndiyo inayomchukua."

Kampuni ile tuliijua wote. Zama zile za soko huria kila wiki ilizaliwa kampuni, na ile ilikuwa na magari yenye picha ubavuni na vijana wenye tai. Walikuwa wamepanda mlimani mara mbili kumwona Sista, mtawa aliyesimamia kumbukumbu za hospitali, wakimwahidi mfumo mpya kabisa.

Vipande vyote vikaanza kujipanga kichwani mwangu bila mtu kuvipanga. Kaka anakwenda kwao. Anaacha kazi muhimu nje ya shina. Anaandika kwa jina langu kwamba imejaribiwa. Toleo linapanda, majibu yanachanganyika, Sista anakasirika, kampuni ya Dar inaingia. Na lawama ni ya nani? Ni ya aliyejaribu.

Lakini nikiwa bado namtazama binti, wazo jingine likaingia. Huyu naye mbona ananiambia leo? Meza yake ndiyo iliyokuwa jirani na kompyuta ya majaribio, ile iliyokuwa na treka wazi wakati wote kwa jina langu, kwa sababu nilichoka kuandika paswedi kila asubuhi. Kazi yake ya uchapaji ndiyo iliyokuwa inamchelewesha kaka. Kuna haja gani ya kunong'ona habari za mwenzake siku hiyo hiyo?

Jioni nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimewahukumu wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake. Shuku ni kama upele, ukiukuna mahali pamoja unahamia pengine.

Jumanne asubuhi niliifungua tena historia ile, nikaona kitu ambacho hasira ya jana ilinificha. Halikuwa badiliko moja. Yalikuwa mawili yaliyofuatana. Kwanza jina langu liliitoa kazi kwenye Inafanyiwa kazi na kuiandika Imeunganishwa. Papo hapo, jina langu tena, likaiandika Imejaribiwa.

Mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kuandika Imeunganishwa. Hiyo ni ya mwandishi. Kaka angetaka kunidanganya, angeiandika ile ya kwanza kwa jina lake, ionekane ya kawaida, nisigutuke. Binti vivyo hivyo, angejua. Aliyefanya hivi alikuwa mtu aliyepanda ngazi zote kwa mara moja, kama anayevuka vyumba asivyovijua kuelekea mlango anaoutaka.

Na kompyuta ya majaribio ndiyo iliyokuwa imeunganishwa na printa. Ni nani aliyekaa pale mara kwa mara kuchapa barua?

Mzee aliingia saa tatu na bahasha zake kwapani. Nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko juu?"

"Nzuri. Mzee, samahani. Alhamisi ulitumia kompyuta yangu?"

"Nilitumia," akasema, huku akitafuta mahali pa kuweka mwavuli. "Kwani vipi?"

Hivyo tu. Siku nzima nilikuwa nimewachunguza watu macho yao, na mwenye jambo ananijibu kana kwamba nimemwuliza kama amekunywa chai.

"Na ile kazi ya majina yanayofanana, ni wewe uliyeiandika imejaribiwa?"

Mwavuli ukabaki mkononi. Kaka akavua vidude vyake masikioni. Binti akaacha kuandika.

"Ilikuwa imebaki hiyo peke yake," mzee akasema. "Bodi ya hospitali walikuwa wanakutana mjini Ijumaa. Sista alitaka orodha ya kazi zote ziwe zimekamilika ndipo atutetee. Unajua wale wa Dar wanavyomzunguka. Kaka alikuwa ametoka, nikampigia simu nikamwuliza, ile ya majina imekwisha? Akaniambia imekwisha."

"Nilisema nimemaliza kuandika!" kaka akasema. "Mzee, nilikwambia nimemaliza kuandika, bado kuunganisha."

"Hukusema bado kuunganisha."

"Nilisema."

"Hukusema."

Wakatazamana. Sikujua nimwamini nani, na hadi leo sijui. Huenda kaka alisema na mzee hakusikia, au alisikia asichotaka kuelewa. Huenda kaka hakusema.

"Mzee," nikasema, "tulikubaliana kwamba neno lile ni langu."

"Nilijua utaijaribu tu ukirudi."

"Ningeijaribuje wakati imeshaandikwa kwamba nimeijaribu?"

Akaketi. Alikuwa mtu mzima, ana heshima zake mtaani, na hakuna aliyezoea kumsaili. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kule kiwandani mzigo ukifika getini waliandika umetoka, hata kama lori bado linapakiwa, na hakuna aliyekufa.

"Hapa mzigo ulikuwa haujafika getini," kaka akasema. "Ulikuwa bado nyumbani kwangu."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikawaeleza habari za wale wanawake wawili dirishani, na majibu yaliyotokea yaleyale kwa wote. Nikasema toleo haliendi Jumatano. Mzee akauweka mwavuli chini ya kiti. Akauliza, "Litakwenda lini?"

"Nikishajaribu."

Kisha nikabadilisha paswedi yangu, mbele yao wote, nikaitoa kompyuta ile kwenye jina langu. Nikairudisha kazi ile kwenye Inafanyiwa kazi, na chini yake nikaandika sababu bila kumtaja mtu: alama ya awali haikuwa sahihi, haijaunganishwa, haijajaribiwa.

Binti alimaliza sehemu yake mchana ule, akaiunganisha. Baada yake kaka akaliunganisha tawi lake, na kama alivyotabiri zile sehemu mbili ziligongana kwenye skrini ya majibu. Walikaa meza moja kuzipatanisha mstari kwa mstari. Niliwatazama kwa jicho la pembeni. Bado niliwaza: kama anaondoka, atafanya kwa moyo? Lakini alifanya kwa subira, akimweleza binti kwa nini mstari huu ubaki na ule uondoke.

Nikatengeneza toleo la majaribio kutoka kwenye shina, nikaandikisha wagonjwa watatu wenye jina moja, jina moja la baba, kijiji kimoja. Kila mmoja nikampa majibu tofauti. Nikatafuta jina. Skrini ikawaleta wote watatu, kila mmoja na namba ya kadi na jina la mama. Nikachagua wa pili, majibu ya wa pili yakatokea. Wa tatu, ya wa tatu. Binti akapiga makofi.

"Subiri," nikasema, nikabonyeza Chapa.

Karatasi ikatoka. Jina lilikuwa la wa tatu. Majibu yalikuwa ya wa kwanza.

Hakuna aliyedanganya safari hii. Skrini ilifuata namba ya kadi kama kaka alivyoandika. Uchapaji, ambao binti aliuandika kabla tawi la kaka halijaingia, ulikuwa bado unatafuta kwa jina na kumchukua wa kwanza anayempata. Kila kipande peke yake kilikuwa sawa. Vilipokutana ndipo kasoro ikazaliwa, na ingepanda mlimani ikiwa imechapwa kwenye karatasi safi, ambayo karani angeiamini kuliko ile ya zamani.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliichukua karatasi ile, akaisoma mara mbili, akairudisha mezani, akatoka kwenda uani.

Binti alirekebisha kesho yake, nikajaribu upya, na si hilo tu bali kila kazi nyingine iliyogusa skrini ile. Halafu nikafanya kitu ambacho sikuombwa. Nilipitia kazi zote za toleo lile zilizokuwa na alama yangu, moja moja, nikijiuliza kama naikumbuka siku ya kuijaribu. Niliikuta moja nisiyoikumbuka kabisa. Ilihusu tarehe ya kuzaliwa ya watoto wachanga. Nikamfuata mzee.

"Na hii, mzee?"

"Hiyo siijui. Nakuapia."

Alikuwa ameumia, nami niliona. Lakini mtu akishakuandikia jina lako mara moja, kiapo chake unakisikiliza kwa sikio moja. Nikaijaribu upya. Ilikuwa sawa. Kama niliijaribu mwanzoni nikasahau, au ni mwingine, sikupata kujua, na kwa wiki kadhaa ilinisumbua kuliko ile ya kwanza.

Toleo lilipanda wiki iliyofuata. Nilikwenda na mzee kwenye pikapu yake. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa telezi, hatukuongea sana. Sista alitupokea kwa uji wa moto, akiwa na koti juu ya kanzu yake.

"Tumewangoja Jumatano," akasema. "Bodi waliambiwa kila kitu kimekamilika."

"Ah, Sista, umeme," mzee akasema. "Umeme wa mjini siku hizi, wewe mwenyewe unajua."

Wiki ile umeme ulikatika kweli, mara moja, kwa muda wa kuchemsha chai. Sista akatikisa kichwa, kisha akanitazama mimi. Alikuwa amenifundisha katekisimu nikiwa mdogo, na alikuwa na namna ya kutazama.

"Ni umeme?" akaniuliza.

"Kulikuwa na kazi moja iliyoandikwa imekamilika na haikuwa imekamilika, Sista," nikasema. "Ile ya majina. Nilipoijaribu ikatoa majibu ya mtu mwingine. Sasa imerekebishwa. Ukipenda nikuonyeshe."

Mzee akatazama kikombe chake.

"Nionyeshe," Sista akasema.

Tulikwenda mapokezi. Nikawaandikisha wagonjwa wa bandia, yeye akataka kuandikisha wa kwake, akabuni jina, akalirudia mara nne. Akachapa zote nne mwenyewe na kuzilinganisha na skrini kwa kidole. Alipomaliza aliuliza ni nani aliyeandika kwamba imekamilika. Nikamjibu kwamba ofisi iliandika. Hakuuliza tena. Alisema kwamba mara nyingine tukichelewa tumwambie tumechelewa, yeye atajua la kuwaambia bodi.

Tulipokuwa tunateremka mzee alisimamisha gari kando ya mwanamke aliyekuwa na kabichi, akachagua tatu, akazitupia nyuma. Akakaa na mikono kwenye usukani bila kuwasha.

"Ungeweza kunyamaza," akasema.

"Ningeweza, mzee."

"Mimi ni kama baba yako."

"Ndiyo, mzee."

Akawasha gari. Hakuongea tena mpaka Mafiga, na aliponishusha alinipa kabichi moja niipeleke nyumbani.

Kaka aliondoka mwisho wa mwezi ule, akaenda kweli kwa wale wa Dar. Binti hakukosea. Kabla ya kuondoka aliketi nami nusu siku akanipitisha kwenye matawi yake yote: hili limeunganishwa, hili bado, hili lifute kabisa halina maana. Nilikagua kila alichoniambia baada ya yeye kutoka. Yote yalikuwa kama alivyosema. Sikumwomba radhi kwa yale niliyomwazia, naye hakuniomba kwa aliyoniambia siku ile. Tuliagana kwa mkono stendi, akapanda basi.

Hospitali ilibaki kwetu. Mzee akanunua kompyuta nyingine ya kuchapia barua zake, ndogo, akaiweka chumbani kwake. Siku ambazo ile yake ilimshinda, alikuja mlangoni na kusimama kabla ya kuvuka kizingiti.

"Naomba kukaa hapo kidogo," alisema.

Nami nililitoa jina langu kwenye treka kwanza, kisha nikampisha kiti.